Sura ya Sita: Video Itoke Kabla ya Mwezi Kuandama

Asubuhi ya Idi simu za watu wa pwani walioko Ulaya hujaa klipu zilezile. Watoto wa Unguja wamevaa nguo mpya, wanakimbilia mkono wa Idi nyumba kwa nyumba. Sinia la biriani linafunuliwa, mvuke unapanda, mtu nyuma ya kamera anacheka na kusema, "Mmekosa!" Aliyetuma ametuma kwa mapenzi. Aliyepokea yuko kituo cha basi, koti hadi shingoni, anakwenda kazini. Anaitazama mara mbili, anajikaza, anajibu kwa kikopa chekundu, na mambo yameishia hapo. Klipu imemwonyesha alichokikosa bila kumpa la kufanya. Na hata ingempa, wakati umeshapita: ruhusa ya kazini haikuombwa, ukumbi haukukodiwa, na jirani Mswahili anayeishi mitaa mitatu kutoka kwake wala hajui kama yupo.

Sura hii ni ya video ya aina nyingine, ile ya kumtoa mtu ndani siku ya Idi. Wengi wanaonijia wakitaka kutengeneza video ya "ndugu zetu wa ughaibuni" huanza kuniuliza kamera gani ni nzuri. Mimi huwauliza itatoka lini. Kwa Idi ndogo, video yenye faida inatakiwa iwe mikononi mwa watu kufikia mwezi ishirini wa Ramadhani, ikichelewa sana mwezi ishirini na tatu. Ikitoka mwezi ishirini na tisa inakuwa kadi ya salamu tu.

Ubaya ni kwamba tarehe yenyewe haijulikani. Idi ya mwaka 2025 ni mfano mzuri, maana ilikusanya mikasa yote pamoja. Saudi Arabia ilitangaza Idi Jumapili tarehe 30 Machi, Oman ikatangaza Jumatatu tarehe 31. Kwa hiyo ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja yuko Maskati na mwingine yuko London katika msikiti unaofuata Saudia, walikuwa siku moja hiyohiyo mmoja amefunga na mwenzake anakula tambi. Uingereza kwenyewe misikiti iligawanyika, mingine Jumapili, mingine Jumatatu. Juu ya hayo, usiku wa kuamkia Jumapili hiyohiyo saa za Uingereza zilisogezwa mbele kwa saa moja, kama zinavyosogezwa kila Jumapili ya mwisho ya Machi. Tofauti ya saa tatu iliyokuwapo na Afrika Mashariki ikawa ya saa mbili. Ukiwa umepanga na mama kupigiana simu ya video kwa hesabu za jana, mmoja wenu atakaa saa nzima akimngoja mwenziwe.

Dawa yake katika video ni ndogo. Msemaji asitaje siku wala tarehe. Aseme "siku ya Idi, mwezi ukiandama", na tarehe, saa na mahali viandikwe katika ujumbe unaofuatana na video, ambao unaweza kufutwa na kuandikwa upya usiku wa mwezi kuandama. Na saa ziandikwe kwa namna mbili: "saa tatu asubuhi, yaani 9:00". Kijana aliyezaliwa Leicester akisikia saa tatu hufikiria alasiri, na shangazi yake akiona 9:00 huenda akasoma saa tisa. Nimeona watu wakifika ukumbini wakati mikeka inakunjwa.

Kabla ya kuandika neno lolote la kusemwa, mchoreni mtazamaji mmoja. Msiseme "diaspora". Tuseme ni muuguzi wa Wete, Pemba, miaka thelathini na kitu, anafanya kazi hospitali moja ya kaskazini ya Uingereza. Anaishi chumba kimoja, msikiti wa karibu ni wa Wapakistani, khutba inasomwa kwa Kiurdu na Kiingereza, na hajui kama wanawake wana mlango wao. Siku ya Idi ana zamu ya usiku. Nyumbani sikukuu ni siku nne, mosi, pili, tatu na nne. Kwake ni saa chache kati ya usingizi na kazi. Mkishamjua huyu, maneno mengi mazuri mliyokusudia kuyasema mtayafuta wenyewe. Haambiwi "usijisikie mpweke". Anaambiwa mlango wa wanawake uko upande gani.

Video yenyewe isizidi dakika nne. Mpango ninaoupendekeza huanza na takbira, sekunde ishirini, picha ikiwa ni kitu kimoja tulivu: mkeka unatandikwa, au mkono unakaza ukingo wa kofia mpya. Baada ya hapo anaingia msemaji, na hapa nina msimamo ambao hauwapendezi wanakamati wote. Msemaji mkuu asiwe shekhe aliye nyumbani. Awe mtu anayeishi hukohuko ugenini, aliyewahi kula Idi peke yake, mtu wa kawaida tu, mwanamke ikiwezekana. Aseme kwa sentensi moja au mbili kwamba siku ile ni nzito, kisha aendelee na kazi. Akikaa kwenye huzuni kwa dakika nzima, mtazamaji anazama naye. Shekhe apewe sekunde arobaini katikati, kwa mambo mawili ambayo watu wanahitaji kuyasikia kwa mwenye elimu: zakatul fitri na sala ya mwenye zamu.

Nianze na hili la pili, maana ndilo linalomhusu muuguzi wetu. Wengi wanaamini kwamba ukiikosa jamaa uwanjani, Idi imekupita. Katika madhehebu ya Shafi, wanayoyafuata wengi wa pwani yetu, sala ya Idi ni suna iliyotiliwa mkazo, na mtu anaweza kuisali peke yake, rakaa mbili, takbira saba katika ya kwanza na tano katika ya pili, bila khutba. Wakati wake huanza jua linapochomoza na humalizika linapopinduka adhuhuri. Mtu aliyetoka zamu saa moja na nusu asubuhi ana muda wa kutosha wa kuoga, kuvaa na kusali, na kama msikiti una jamaa ya pili au ya tatu, kama ilivyo misikiti mingi ya miji mikubwa ya huko, hata jamaa ataipata. Shekhe akilisema hili polepole, huku takbira saba na tano zikiandikwa kwenye kioo, atakuwa amempa dada yule Idi yake.

La zakatul fitri lina mlango wa ujirani ndani yake, na watu hawauoni. Kiasi chake kinajulikana: pishi moja ya chakula kikuu kwa kila kichwa, yaani vibaba vinne, ambayo kwa mchele watu huikadiria kilo mbili na nusu hadi tatu, na itolewe kabla ya sala ya Idi. Mazoea ya wengi walio nje ni kuituma nyumbani kwa simu. Ni jambo la huruma, maana huko ndiko waliko maskini wanaowajua. Lakini kwa Mashafi asili ni kutolewa pale alipo mtu wakati inapomlazimu. Shekhe wenu atalifafanua, kwa kuwa wanavyuoni wamelizungumza kwa mapana na wako wanaoruhusu kuhamisha kwa haja. Mimi nalitazama kwa jicho la mtu wa video: mtu anayelazimika kuuliza "hapa mtaani kwetu nani anastahili?" atagonga mlango wa msikiti, atakutana na mhifadhi wa ghala la chakula, atasikia kuna familia ya wakimbizi wa Kongo au Somalia inayosema Kiswahili mtaa wa pili. Sadaka ya nyumbani aendelee kuituma kwa jina la sadaka. Pishi ile moja imkutanishe na watu wa hapo alipo.

Baada ya shekhe, msemaji anarudi na kazi za wiki hiyo. Zisizidi tatu, na kila moja iwe na siku yake ya mwisho. Ya kwanza ni ruhusa ya kazini, na iombwe leo. Kwa kuwa siku haijulikani, omba kwa sura ya "moja kati ya hizi mbili". Njia inayokubalika haraka kuliko zote ni kubadilishana na mfanyakazi mwenzako Mkristo: wewe utashika zamu yake ya Krismasi, yeye atashika yako ya Idi. Msimamizi hana hasara, na mwenzako atakukumbuka kwa hilo hadi Desemba. Kwa wenye watoto, shule za Uingereza zinatambua ruhusa ya sikukuu ya dini na kuiandika kwa herufi R katika daftari la mahudhurio, ila mzazi aandike barua mapema. Akimwambia mtoto ajisingizie homa anamfundisha kuiona Idi kama kosa.

Kazi ya pili ni mahali. Ukumbi wa mtaa una bei, una saa ya kufungwa na una mtu mwenye ufunguo ambaye siku ya Jumapili hapatikani. Kwa watu chini ya ishirini, sebule ya mtu yatosha, ilimradi ijulikane ni ya nani na inafunguliwa saa ngapi mpaka saa ngapi. Hapo video iseme wazi kwamba mlango uko wazi kwa asiyealikwa. Watu wetu wana haya. Mtu asiyejua mwenye nyumba hataenda kwa kusikia tu kwamba "kuna shughuli". Ataenda akiambiwa: "Njoo hata kama hutujui. Usije na kitu, na kama lazima uje na kitu, njoo na kaimati."

Chakula nakipita haraka, wenyewe wanakijua. Ila liko jambo moja la udi. Sikukuu bila udi kwa mtu wa pwani haijakamilika, na nyumba za ghorofa za Ulaya zina vipima moshi darini. Mkaa ukikolea vizuri ndani ya chetezo, king'ora kinalia, jengo zima linashuka ngazi, na gari la zimamoto linafika kabla ya pilau. Msifunike kipima moshi kwa mfuko wa plastiki kama wanavyofanya wengine. Ni hatari, na mahali pengi ni kosa la kisheria. Tumieni chetezo cha umeme, mtie kipande kidogo, dirisha likiwa wazi. Sekunde tano za chetezo hicho kikipitishwa chini ya kanzu zinatosha kwenye video, na nakuhakikishia ndiyo picha itakayoulizwa kuliko zote: "Mmekinunua wapi?" Jibuni. Swali kama hilo ndilo linaloanzisha mazungumzo katika kundi la WhatsApp ambalo kabla ya hapo lilikuwa la matangazo ya misiba tu.

Kazi ya tatu ni simu ya nyumbani. Hii hufanyika vibaya kila mwaka kwa namna ileile: simu inapigwa watu wakiwa wamejaa, kisha inapitishwa mkono kwa mkono, "huyu hapa babu, msalimie," na kinachoonekana upande wa pili ni paji la uso, dari, na pangaboi linazunguka. Dakika ishirini zinakwisha na hakuna aliyezungumza na mtu. Afadhali huku nyumbani simu isimamishwe mahali pamoja, imeegemezwa kwenye birika la chai, ikitazama mkeka wote, nao waliopo waendelee na yao. Aliye mbali naye aweke yake vivyo hivyo mbele ya sahani yake. Hakuna wa kuhutubia. Wakila wote, na yule wa mbali akasikia ubishi wa nani amemaliza achari, amekuwapo kidogo. Bando likiwa dogo, zimeni picha mbaki na sauti.

Na kwa kweli sauti ndiyo yenye kubeba video hii yote. Mtu hutamani nyumbani kwa sikio kabla ya jicho. Takbira ya msikiti wa mtaani kwenu, yenye sauti ya mzee anayetangulia wenziwe nusu pumzi, ina nguvu kuliko picha ya droni juu ya Mji Mkongwe. Lakini kuirekodi kuna ufundi wake. Ukisimama chini ya spika ya msikiti, maiki ya simu inazidiwa, na kinachobaki ni mkwaruzo. Hutaujua hadi uisikilize kwa hedifoni, kwa kuwa spika ndogo ya simu huuficha. Ondokeni hatua kumi na tano au ishirini, mkae ubavuni mwa spika, ukuta ukikukingeni na upepo. Rekodini dakika mbili mfululizo bila kusogeza mkono, hata kama mnahitaji sekunde ishirini, ili mpate pahala pa kukata ambapo takbira imekamilika. Kuikata takbira katikati ya neno kunamkera msikilizaji, hata asipojua kilichomkera.

Sauti ya msemaji ni rahisi zaidi. Chumba chenye godoro, mapazia na zulia, pangaboi na friji vizimwe, na simu ya pili iwekwe karibu na kifua chake ikirekodi sauti peke yake. Piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni. Kofi hilo ndilo litakalokuonyesha wapi pa kuzipatanisha picha na sauti wakati wa kuhariri.

Ukubwa wa faili ni wa kufikiriwa mapema, kwa sababu video itapita nyumbani pia, kwa watu wanaonunua bando la siku. Dakika nne za video kama ilivyotoka kwenye simu nzuri huweza kupita megabaiti mia mbili. Ikihamishwa kwa 720p, kwa kasi ya megabiti moja kwa sekunde, inakuwa kama megabaiti thelathini, na mtu anayesema mbele ya pazia haharibiki kwa hilo. WhatsApp nayo huibana video kila inapotumwa kama video. Mkitaka mtu fulani aipate safi, mtumieni kama hati. Na kwa kuwa ujumbe hauwezi kusambazwa kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mara moja, na ukishapita mikono mingi hupungua hadi moja moja, msitegemee kwamba itajisambaza. Kila mji uwe na mtu wake wa kuituma mwenyewe, pamoja na ujumbe wa mji ule na nambari yake ya simu.

Liko jambo moja ambalo likikosewa hakuna uhariri wa kuliokoa, nalo ni nyuso. Idi ni siku ya nyumba wazi. Wanawake wamo ndani na vitenge vyao, shungi limewekwa pembeni, wanacheka. Mtu anapita na simu akirekodi pilau, nao wameingia kwenye picha. Klipu hiyo ikifika Toronto ndani ya saa moja, mwenye uso wake ana haki ya kukasirika, na mumewe, kaka yake na mama mkwe watakasirika zaidi. Huko ugenini hatari ni ya aina nyingine: wamo waliokimbia, ambao kesi zao za ukimbizi hazijaamuliwa, na hawataki mtu wa nyumbani ajue wako mji gani. Kanuni ninayoifuata ni kwamba ruhusa huombwa kabla ya kamera kuwashwa, na katika chumba chenye watu wengi hurekodiwa mikono, sinia, viatu mlangoni na migongo ya watoto. Nimegundua pia kwamba viatu vilivyorundikana mlangoni vinasema "watu wamejaa" vizuri kuliko nyuso arobaini.

Na kwa wale wa nyumbani wanaopenda kurekodi karamu: mjue kwamba klipu ya sinia kubwa, ikifuatiwa dakika tano baadaye na ujumbe wa "na mkono wetu wa Idi vipi?", inasomeka kwa namna moja tu. Ombeni mkono wa Idi, ni haki yenu, lakini msiuombe siku hiyohiyo.

Video ya kwanza ikishatoka, andaeni ya pili, fupi mno, ya sikukuu pili. Hii watu huisahau. Siku ya kwanza hata aliye peke yake hupigiwa simu. Siku ya pili nyumbani bado ni sikukuu na huko aliko ni Jumatatu, au Jumanne, kazi kama kawaida. Sekunde arobaini zatosha: msemaji yuleyule, amevaa nguo za kazi, anasema jana tulikuwa wangapi, nani hatukumwona, na kwamba wanaofunga sita za Shawwal watafuturu pamoja Alhamisi kwa fulani. Futari ya sita ni nyepesi kuandaa kuliko Idi, ni uji, tambi na kahawa, na aliyeona haya kuja siku ya watu wengi huja siku ya watu saba.

Mwisho wa kazi kamati hupenda kuhesabu waliotazama. Namba hiyo iacheni. Chini ya video mliandika nambari ya simu ya mtu mmoja kwa kila mji. Mpigieni kila mmoja wao mkaulize ni wageni wangapi waliompigia, na waliuliza nini. Wakiwa wameuliza sana kuhusu mlango wa wanawake, mwakani jambo hilo liingie dakika ya kwanza. Na kama kuna mji ambao simu haikuita hata mara moja, angalieni kwanza kama nambari iliandikwa na msimbo wa nchi. Mara nyingi haikuandikwa.